Herufi Ishirini na Nne

Mtaani walimwita Bi Taipu, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya maji. Mabosi saba walikuja wakaondoka, kila mmoja na mwandiko wake wa kuku, na barua za wote saba alizisafisha yeye. Alichapa kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye karatasi, au dirishani kama kuna kioja barabarani. Kuangalia vidole ni mambo ya watu wanaodonoa.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani, cheti chenye jina lake lililokosewa, na ile taipureta yake ya chuma, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Cheti alikichapa upya. Saa ilikufa baada ya miezi mitatu. Taipureta ikawekwa mezani sebuleni chini ya kitambaa, na kila kitu cha maana katika nyumba ile kilichapwa: namba za simu za ndugu, tarehe za dawa, onyo kwa jirani kuhusu takataka zake. Onyo hilo lilikuwa na aya nne na nakala mbili.

Mumewe walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, wa kamati ya mitaro, wa kamati ya kuchunguza kamati ya mitaro, na akirudi nyumbani alikuwa mwenyekiti wa rimoti. Iliishi kwenye mfuko wa shati lake. Ukitaka kubadilisha stesheni ulipeleka hoja, naye aliitafakari mpaka kipindi kikaisha.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya fainali.

Bi Taipu alikuwa na binti wawili. Mkubwa aliolewa na kijana wa kompyuta, ambaye kazi yake ni kulinda mitambo ya ofisi isiingiliwe na wezi. Mdogo, Kitinda, alikuwa refa. Ndiyo, refa wa mpira wa miguu, kaptula na filimbi, akiwapigia kelele wanaume wenye mapaja kama magogo. Siku alipomwambia mama yake kwamba ameacha kazi ya benki akachezeshe mpira, Bi Taipu alisimama katikati ya sebule akasema, "Nimekulea ukatukanwe uwanjani na walevi?" Maneno hayo hayakurudi tena mdomoni. Miaka kumi ilipita, Kitinda akipanda kutoka viwanja vya vumbi hadi ligi kubwa, na mama yake hakuwahi kumtazama hata mara moja. Akimwona kwenye habari za michezo alikwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa jikoni.

Wiki moja kabla ya fainali, Kitinda alipiga simu.

"Mama, Jumamosi nimepewa fainali. Mimi ndiye wa kati."

"Nimesikia. Baba yako ameshatangaza mtaa mzima."

"Sikuombi ukae dakika tisini. Nitazame nikipuliza filimbi ya kwanza tu. Saa kumi kamili. Halafu uzime, ukaendelee na shughuli zako."

Bi Taipu aliisogeza simu karibu na sikio. Akasema, "Nitakutazama, mwanangu." Alipokata simu alikaa kitini muda mrefu, akijiona mtu mbaya sana. Miaka kumi mtoto hajaomba kitu, na leo anaomba sekunde tatu!

Mechi ilionyeshwa kwenye programu moja tu ya kulipia, ile ya mkwe. Mkwe ndiye aliyenunua televisheni, akaiunganisha na kuingia kwa jina lake. Lakini mkwe naye ana ugonjwa wake, na ugonjwa wake ni usalama. Siku ya Ijumaa alipiga simu kwa sauti ya daktari anayeleta majibu mabaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Nimebadilisha neno la siri la programu. La zamani lilikuwa la herufi nane tu, mama. Nane! Mtu angeweza kuingia."

"Akaibe nini humo? Mpira?"

"Ni suala la kanuni, mama. Sasa televisheni yenu itajitoa, itabidi mliandike upya. Una kalamu?"

Kalamu! Bi Taipu alikaribia kucheka. Alivuta kiti, akafunua taipureta, akaweka simu kwenye sauti kubwa, akatia karatasi. Mtu anakusomea, wewe unachapa: hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Mkwe akasoma herufi moja moja, kubwa na ndogo, namba na vistari, naye akazidaka zote bila kumrudisha nyuma hata mara moja. Herufi ishirini na nne. Karatasi ilitoka safi, haina doa:

Hq8lv_Ztl&kW9rlXe-m5lBdy

"Kesho siku nzima nitakuwa chumba cha mitambo," mkwe alisema. "Simu tunaacha mlangoni. Kwa hiyo hamtanipata."

"Kwa usalama," Bi Taipu alisema.

"Hasa," mkwe alisema, akafurahi kwamba ameeleweka.

Jumamosi saa nane na nusu mchana, Mwenyekiti alifungua televisheni. Kando yake alikaa Injinia, jirani wa ukuta mmoja. Injinia hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, ila miaka ishirini iliyopita aliwahi kufungua redio iliyokufa, ikakohoa, na cheo kikamganda. Bi Taipu alikaa nyuma yao na karatasi yake, amevaa gauni jipya. Kwa nini gauni jipya hata yeye hakujua. Kitinda hangemwona.

Skrini iliandika: weka barua pepe, weka neno la siri. Barua pepe ya mkwe ilikuwa bado imo. Neno la siri lilikuwa mstari mtupu unaopepesa, na chini yake vibao vya herufi vimejipanga.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Mwenyekiti, akatoa rimoti mfukoni. "Soma."

"H kubwa."

Mwenyekiti alianza safari. Rimoti ile ilikuwa na mishale minne na kitufe cha katikati, na kila herufi ilikuwa ya kuendewa kwa miguu. Kwanza ushuke kona ya chini kwenye mshale wa herufi kubwa, ubonyeze, kisha upande hadi kwenye H, ubonyeze. Alifika kwenye G, akapitiliza hadi J, akarudi hadi G tena. Kidole gumba cha mtu wa miaka sabini na moja hakina breki.

"H nimeipata!"

"Q ndogo."

"Imeandika kubwa."

"Kwa sababu hujatoa herufi kubwa."

"Hukuniambia nitoe."

"Nimesema ndogo, mume wangu. Ndogo maana yake si kubwa."

Waliendelea hivyo. Kilichowaumiza zaidi ni kwamba kila herufi ikiandikwa ilionekana kidogo tu kisha ikageuka nukta. Ukichelewa kutazama hujui umeandika nini, una nukta, na nukta zote ni ndugu. Kufika herufi ya kumi na moja Injinia alisema anadhani kuna V mbili. Mwenyekiti akasema hakuna. Ukatokea mjadala. Ili kumaliza mjadala Mwenyekiti alibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, akitaka kufuta moja, na kile kitufe kikamtoa kwenye ukurasa wote. Nukta kumi na moja zikapotea kama hazikuwahi kuzaliwa.

"Ala!"

"Cha kufuta ni kile cha kwenye skrini," Bi Taipu alisema akiuma meno. "Hicho ulichobonyeza ni cha kutoka."

"Ningeambiwa mapema ningejua."

Walianza upya. Dakika kumi na tatu baadaye zilipatikana nukta ishirini na nne, wakazihesabu wote watatu, Injinia akienda hadi kwenye skrini na kuzigusa kwa kidole. Mwenyekiti akabonyeza. Skrini ikazunguka, ikafikiri, ikaandika: neno la siri si sahihi.

Mara ya pili ilikuwa si sahihi pia. Kati ya pili na tatu Mwenyekiti alikuwa amevumbua kijicho kidogo pembeni mwa mstari, ambacho ukikibonyeza nukta zinageuka herufi na unaona ulichoandika. Alikivumbua kwa bahati mbaya, akakipa maelezo marefu kana kwamba amekitengeneza. Mara ya tatu basi waliandika kijicho kikiwa wazi, Bi Taipu akilinganisha herufi na karatasi, moja baada ya moja. Zilikuwa sawasawa kabisa. Skrini ikakataa, na safari hii ikaongeza: umebakiza majaribio matatu, kisha akaunti itafungwa kwa saa moja.

Saa ilikuwa tisa na robo imepita. 

"Karatasi hii ina makosa," Mwenyekiti alisema.

Lo! Angesema nyumba inaungua angesikilizwa vizuri zaidi.

"Karatasi yangu?" Bi Taipu alisimama. "Miaka thelathini na mmoja, mume wangu! Ofisi nzima ya maji! Umewahi kusikia barua yangu imerudishwa?"

"Sijasema..."

"Umesema. Injinia, wewe ni shahidi. Amesema."

Injinia, ambaye hakutaka ushahidi wa aina hiyo, alichukua karatasi akaisogeza puani. "Mimi naona tatizo liko hapa. Hizi l ndogo. Nne nzima. Kwenye kompyuta i kubwa na l ndogo hufanana. Hizi ni i kubwa."

"Mimi nikiandika i kubwa inaandikwa i kubwa, ina kofia na viatu," Bi Taipu alisema. "Hizo ni l."

Lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaipenda hoja hiyo kwa kuwa haikutoka kwa mkewe. Wakaweka i kubwa nne. Skrini ikakataa. Yakabaki mawili.

Hapo ndipo Bi Taipu alipochukua simu yake ya vitufe akampigia Dada wa Stesheneri. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua barabara ya pili, na kazi hiyo alifundishwa na Bi Taipu mwenyewe, siku za taipureta mbili na mwalimu mmoja mkali. Alifika akihema, miwani imemteremka, simu yake kubwa ya kupangusa mkononi.

"Mama, kwani mnahangaika na rimoti? Angalia pale chini, pameandikwa ingia kwa kutumia simu."

Watu watatu waliangalia pale chini. Palikuwa pameandikwa, tangu mwanzo, kwa herufi za kueleweka.

"Nilipaona," Mwenyekiti alisema. "Niliona tusiharakishe."

Dada wa Stesheneri alichukua rimoti mkononi mwake kwa upole, akabonyeza pale. Skrini ikatoa anwani ya tovuti na tarakimu sita kubwa, ikasema zitakufa baada ya dakika tano. Akafungua anwani ile kwenye simu, akaingiza zile tarakimu, televisheni ikaandika kwamba inasubiri. Yote haya kwa muda ambao Mwenyekiti angetafuta H. Bi Taipu akashusha pumzi.

"Sasa simu inataka barua pepe na neno la siri la mwenye akaunti," Dada alisema. "Nipe karatasi."

"Kumbe bado inataka neno la siri?" aliuliza Injinia.

"Lazima lithibitishwe. Ila hapa ni kuandika tu, si kutembea."

Vidole gumba vyake vikacheza juu ya kioo. Alihakikisha mara mbili, Bi Taipu akihakikisha juu ya bega lake mara ya tatu. H, q, nane, l, v. Akabonyeza.

Si sahihi. Limebaki jaribio moja.

 Dada alijaribu ile njia ya waliosahau neno la siri, programu ikasema imetuma maelekezo kwenye barua pepe ya mkwe, na barua pepe ya mkwe iko kwenye simu ya mkwe, na simu ya mkwe iko mlangoni pa chumba cha mitambo, salama kabisa.

Saa tisa na dakika arobaini na tatu, Mwenyekiti aliahirisha kikao.

"Baa ya kona wanaonyesha," alisema akivaa kofia. "Twende wote."

"Mimi niingie baa na goti hili nikamsikilize mwanangu akitukanwa na watu waliolewa?"

"Basi tulia. Nitarudi nikusimulie."

"Unisimulie!" Sauti ya Bi Taipu ilipanda hadi Injinia akatangulia mlangoni. "Miaka kumi mtoto hajaniomba kitu. Nimemwahidi nitamwona, halafu wewe unisimulie? Nenda. Nenda na wenzako. Mmemaliza majaribio yangu kwa kidole kimoja, sasa mnaniachia moja kama sadaka."

Mwenyekiti akaenda. Rimoti aliiacha juu ya meza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa yao.

Bi Taipu akakaa. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Atadhani sikutaka," alimwambia Dada. "Atasema hata leo mama ameona aibu."

Dada wa Stesheneri alimtazama mwalimu wake akilia, jambo ambalo hakuwahi kuliona hata ofisi ilipopunguza watu. Akasema, "Mama, nipe dakika saba," akatoka mbio, ndara zikipiga kelele hadi mwisho wa njia.

Alirudi na kibodi ya dukani, ile ya waya, nyeusi, vumbi limejaa katikati ya vitufe. Akapapasa nyuma ya televisheni, akapata tundu, akachomeka. Kwenye kona ya skrini kikatokea kijialama cha kibodi. Kwa rimoti akarudisha ule mstari wa neno la siri.

"Inakubali hii?" Bi Taipu aliuliza.

"Nyingi zinakubali. Sasa andika wewe, mama. Mimi sitaki kulibeba jaribio la mwisho."

Akaiweka juu ya mapaja ya Bi Taipu. Ilikuwa nyepesi kama sanduku tupu, vitufe vyake laini havina ubishi. Lakini vidole vilijua nyumbani kwao. Vikatua kwenye mstari wa katikati, vikapumzika. Mgongo ukanyooka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Bi Taipu hakuwa bibi anayehangaishwa na televisheni.

"Nisomee," alisema.

Dada akasoma, "H kubwa. q ndogo. Nane."

Vidole vikachapa H, q. Kutafuta nane, kidole kikapanda mstari wa juu, na jicho la Bi Taipu, ambalo halikuwa na desturi ya kwenda huko, likakifuata. Ilikuwa kibodi ngeni, lazima ahakikishe. Akaiona nane. Akaona saba, sita, tano. Jicho likateleza hadi mwisho wa kushoto, pale ambapo mstari unaanza.

"l ndogo," Dada alisema.

Bi Taipu hakuandika. Alikuwa ameganda.

"Mama?"

"Hii ina moja," Bi Taipu alisema taratibu.

"Ina moja gani?"

"Kitufe cha moja! Hapa. Mstari unaanza na moja." Akaweka kibodi kando, akainuka na goti lake, akaivua taipureta kitambaa. "Njoo uone. Soma mstari wa juu."

Dada akainama. "Mbili, tatu, nne, tano..." Akanyanyuka polepole. "Haa! Mama! Ndiyo! Hata ile niliyojifunzia!"

Mashine ile haikuwa na moja. Waliozitengeneza waliona watabana kitufe kimoja, kwa kuwa l ndogo inafanana nayo, na kila mpiga chapa alifundishwa siku ya kwanza: ukitajiwa moja, piga l. Bi Taipu alikuwa amepiga l badala ya moja kwa miaka thelathini na mmoja, katika tarehe, katika namba za mabomba, katika umri wa wajane. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwani nani asome "mwaka l98l" ahangaike? Vidole vilifanya kazi hiyo bila kumuuliza mwenyewe. Mkwe alisema moja, vidole vikaandika l, na kesho yake macho yakasoma l. Lile neno zima halikuwa na l hata moja. Zote nne zilikuwa moja.

"Karatasi ina makosa," alisema Bi Taipu, akajiziba mdomo. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kuumiza mbavu, Dada naye akacheka hadi miwani ikaanguka. Halafu wote wawili wakaangalia saa ya simu. Saa kumi kasoro dakika mbili.

"Chapa, mama!"

Alifuta, akaketi, akachapa. Hakuhitaji kusomewa. Karatasi mkono wa kushoto, macho juu yake, na kila palipokuwa na l kidole kidogo kilinyooka hadi mwisho wa mstari, mahali ambapo hakikuwahi kutumwa maishani mwake. Vitufe vilitoa mlio wa mvua nyepesi. Sekunde kumi na tano, labda. Akapiga kitufe kikubwa cha kulia.

Skrini ikazunguka, ikafikiri, ikafunguka.

Uwanja ulikuwa wa kijani mno, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Na katikati ya duara, akiwa peke yake kwa nafasi ya hatua kumi kila upande, alisimama Kitinda. Nguo ya njano, nywele zimebanwa nyuma. Akaangalia saa mkononi. Akamtazama kipa wa huku, kipa wa kule. Wanaume ishirini na wawili wakasubiri ruhusa ya mwanawe. Akainua mkono, akapuliza.

Bi Taipu hakuzima. Alikaa dakika zote tisini na za nyongeza, kiganja mdomoni. Dakika ya ishirini na tatu, nahodha wa timu ya nyumbani, mpendwa wa mtaa mzima, alimrukia mtu miguu miwili, na Kitinda akamfuata bila kukimbia, akatoa kadi nyekundu. Uwanja uliguruma. Wachezaji sita walimzunguka wakimpigia kelele usoni. Aliwaangalia mpaka wakachoka, akaonyesha njia ya kutoka. Bi Taipu alisikia mayowe mengine pia, yakitoka baa ya kona, yakiingia dirishani. Aliyasikia vizuri maneno yake. Akaongeza sauti ya televisheni.

Mwenyekiti alirudi saa kumi na mbili, peke yake. Alisimama mlangoni, akaiona mechi iliyokwisha kwenye skrini, akaiona kibodi, akamwona Dada wa Stesheneri akiaga kwa adabu na kupita pembeni yake.

"Mliingia," alisema.

"Tuliingia. Na kosa lilikuwa langu, mume wangu. Karatasi ilikuwa na makosa. Moja nilizipiga l, kwa mazoea ya mashine yangu. Hata mngekuwa na vidole mia msingeingia. Nimekufukuza nyumbani kwako kwa kosa langu mwenyewe, nisamehe."

Siku nyingine angefungua kikao cha dharura, aweke jambo hilo kwenye kumbukumbu, alitaje kila mwaka. Leo alikaa tu, kofia bado iko kichwani.

"Uliona kadi nyekundu?" aliuliza.

"Niliona."

"Ilikuwa halali."

"Ilikuwa halali kabisa."

"Baa nzima walisimama." Alikuwa akiangalia viganja vyake. "Walisema maneno, mke wangu. Kuhusu yeye. Kuhusu aliyemzaa. Pale ndani wengine hawanijui, wanatoka mitaa ya juu. Injinia alinitazama, akangoja niseme. Mimi niliyezoea kusema kila mahali. Nikashika glasi yangu ya soda, nikanyamaza. Sikusema ni mwanangu."

Bi Taipu alimtazama. Hasira ilimjia, ikafika hadi kooni, ikakuta pale miaka kumi yake mwenyewe.  Na simu ikalia.

Aliiweka kwenye sauti kubwa. Nyuma ya Kitinda kulikuwa na milango inayobamizwa na watu wanaoitana.

"Mama! Uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu. Uliangalia saa, ukawatazama makipa wote wawili, ukainua mkono wa kulia. Na sikuzima. Nimekaa mpaka mwisho. Nisamehe kwa zile nyingine zote."

Upande wa pili pua ikavutwa. "Mama, usinilize, nimezungukwa na wanaume huku." Akacheka. "Na baba? Baba yupo? Naye aliniona?"

Bi Taipu alimsogezea mumewe simu. Mwenyekiti alivua kofia akaiweka gotini, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Nilikuona, mama," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na cheo chochote. "Nilikuona nikiwa baa. Watu walikutukana, na mimi nilikuwepo, na sikuwaambia kwamba wewe ni wangu."

Milango ilibamizwa huko aliko Kitinda. Mtu alimwita, akamjibu asubiri.

"Baba," alisema, "mimi wakinitukana nina filimbi. Wewe ulikuwa na nini? Pole, baba."

Mwenyekiti akaibana simu ile kifuani, akalia mbele ya mkewe.